Vidole vimekatika Jumanne, mwajiri anasema tusubiri daktari

*Mshauri, shikamoo. Mimi ni karani katika karakana ya mbao hapa Changamwe, Mombasa. Jumanne tarehe 3 Machi, alasiri, kibarua wetu alikatwa vidole viwili na mashine ya kupigia randa. Yumo hospitalini na anaendelea vizuri. Nimeipata fomu ya DOSH/WIBA 1, lakini sijawahi kuijaza na nimekwama. Mwajiri anasema tusubiri hadi daktari ajaze sehemu yake ndipo tuipeleke ikiwa kamili, na kwamba siku saba ni siku za kazi, kwa hiyo tuna hadi Alhamisi tarehe 12. Anasema pia kwamba kijana ni kibarua tu wa miezi minne na ndiye aliyekitoa kifuniko cha visu, kwa hiyo pengine hatulazimiki kuripoti, na watu wa bima tumekwisha kuwaarifu. Msimamizi, ambaye alikuwapo, ameniandikia maelezo ya ajali: "Mfanyakazi aliteleza kwa uzembe wake akaumia mkono." Kwenye mapato ya mwezi nimeandika 900, ambayo ndiyo anayolipwa kwa siku, mwajiri anataka niandike 15,000. Leo ni Jumamosi. Nianzie wapi?*

*Dada wa Changamwe*

Marahaba, dada. Barua yako nimeijibu Jumamosi hiyohiyo kwa barua pepe, kwa kuwa haikuweza kungoja, na hapa naichapisha pamoja na jibu kwa ajili ya makarani wengine ambao fomu hii huwafikia mezani siku ambayo hakuna aliyejiandaa nayo.

Ipeleke fomu Jumatatu asubuhi, sehemu ya daktari ikiwa bado tupu. Siku yako ya mwisho ni Jumanne tarehe 10, si Alhamisi, na ningependa ubaki na siku moja mkononi endapo afisa atakuwa nje ya ofisi au utarudishwa kwa sababu ya saini iliyosahaulika.

Hesabu yenyewe iko hivi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kifungu cha 21, inamtaka mwajiri apeleke taarifa ya maandishi, kwa fomu iliyowekwa, kwa afisa wa usalama na afya kazini wa eneo lake ndani ya siku saba tangu ajali itokee, ikiwa ajali imejeruhi mtu bila kumuua. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka huohuo, ambayo sote tunaiita WIBA, ina siku saba zake katika kifungu cha 22, lakini hizo huanza pale mwajiri anapopewa habari au anapojua kwamba mfanyakazi ameumia, na taarifa yake huenda kwa Mkurugenzi wa huduma za usalama na afya kazini. Kwenu hesabu hizo mbili zilianza pamoja, kwa kuwa msimamizi alikuwapo alasiri ile. Katika kazi nyingine huachana: mlinzi anaumia Ijumaa usiku, mwenye kampuni anapata habari Jumatatu, na karani anahesabu kuanzia Jumatatu huku ile hesabu ya kwanza imekwisha kula siku tatu. Ndiyo maana mimi huhesabu daima kutoka kwenye ajali, na hiyo nyingine naichukulia kama haipo.

Kuhusu siku za kazi, mwajiri wako hakubuni tu. Ipo kanuni inayofanana na anachosema, ila haiwahusu. Sheria ya Kenya ya tafsiri na masharti ya jumla, Sura ya 2, inaeleza jinsi siku zinavyohesabiwa sheria nyingine inapotaja muda. Siku ya tukio lenyewe haihesabiwi, kwa hiyo Jumanne tarehe 3 inatoka na Jumatano tarehe 4 inakuwa siku ya kwanza. Jumapili na sikukuu huondolewa katikati ya hesabu pale tu muda uliotajwa usipozidi siku sita. Siku saba zimeshazidi sita, kwa hiyo Jumapili yenu ya tarehe 8 inahesabiwa kama siku nyingine yoyote, na siku ya saba inaangukia Jumanne tarehe 10. Lau siku hiyo ya mwisho yenyewe ingekuwa Jumapili au sikukuu, mngesogezwa hadi siku inayofuata, lakini Jumanne hiyo ni siku ya kazi na ofisi iko wazi.

Unaposema kijana anaendelea vizuri, nakuchukua kwa neno lako, na naomba ibaki hivyo. Hata hivyo ujue kwamba ajali ikiua, muda wa kumjulisha afisa ni saa 24, kwa simu au kwa njia yoyote itakayomfikia, na fomu hufuata ndani ya siku saba zilezile. Majeruhi akifariki baada ya ajali kuripotiwa, mwajiri hutuma taarifa ya kifo kwa maandishi mara tu anapopata habari, na ile fomu ya kwanza haitoshi kuibeba. Kwa hiyo weka namba ya simu ya afisa wa eneo mahali ambapo msimamizi wa usiku pia anaweza kuiona, si kwenye simu yako peke yako.

Sasa hoja ya daktari. Fomu ina sehemu mbili, ya mwajiri na ya mganga, na ukiitazama kwa haraka utadhani haijakamilika hadi zote mbili zijae. Siku saba zimewekwa kwa ajili ya mwajiri. Daktari wa mikono hawezi kusema kwa uaminifu wiki ya kwanza kijana atapoteza kiasi gani cha uwezo wa mkono wake; atangoja kidonda kifunge, atazame kama pingili iliyobaki inakunja, pengine amfanyie upasuaji wa pili, na asilimia ya ulemavu wa kudumu ataiandika wiki au miezi baadaye. Mkimngoja yeye, mtachelewa katika kila ajali kubwa, kwa sababu kadiri jeraha linavyokuwa baya ndivyo daktari anavyochukua muda. Jaza sehemu yenu, mwajiri aitie saini na muhuri, kisha ambatanisha barua fupi isemayo kwamba majeruhi bado amelazwa, katika hospitali gani, na kwamba sehemu ya mganga italetwa atakapokamilisha tathmini. Nakala nyingine mpelekee daktari siku hiyohiyo ili aanze nayo.

Lile la kibarua aliyetoa kifuniko linahitaji utulivu kidogo, kwa sababu ndani yake kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kama mnalazimika kuripoti. La pili ni kama analipwa, na kiasi gani. WIBA inajibu la kwanza katika kifungu cha 22 kwa namna isiyoacha mwanya: ajali ya kuripotiwa ni jeraha lolote ambalo mfanyakazi anamweleza mwajiri huku akidai kwamba limetokana na kazi yake, hata kama mwajiri mwenyewe anaona halikutokana na kazi. Maoni ya mwajiri hayafuti wajibu wa kupeleka fomu. Nafasi yake ya kubisha inakuja baadaye: asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kuupinga kwa maandishi. Kibarua anayefanya kazi kwa ujira chini ya usimamizi wenu ni mfanyakazi kwa sheria hii, na miezi minne ya kulipwa kila Jumamosi haimfanyi kuwa mgeni.

Kuhusu kifuniko, mwonyeshe mwajiri kifungu cha 10. Kosa la makusudi la mfanyakazi linaweza kumnyima fidia pale tu ajali isipoleta ulemavu mkubwa au kifo. Likileta, sheria inaihesabu ajali hiyo kuwa ya kazini hata kama mfanyakazi alikuwa amevunja sheria au amri ya mwajiri, ilimradi alichokuwa akifanya kilikuwa kwa faida ya kazi ya mwajiri. Kupiga randa mbao za karakana ni kazi ya karakana. Kama vidole viwili ni ulemavu mkubwa au si mkubwa, hilo si lako wala si la msimamizi kuliamua Jumamosi hii. Na watu wa bima ni upande wa mkataba wenu na wao. Kuwaarifu ni vizuri, lakini afisa wa serikali hasomi barua pepe za bima.

Tuingie kwenye nafasi zenyewe za fomu. Mambo ya mwajiri utayapata kwenye hati za ofisi, nayapita. Jina la majeruhi liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho, pamoja na namba yake, hata kama karakana nzima inamjua kwa jina la utani. Nimeona faili ambamo fomu ilikuwa na jina la mtaani, hospitali ilikuwa na jina la kitambulisho, na malipo ya kila wiki yalikuwa yakienda kwenye namba ya M-Pesa ya shemeji yake. Ilichukua miezi kuthibitisha kwamba watu hao watatu ni mmoja.

Saa ya ajali ndiyo inayoniumiza kichwa kuliko nafasi nyingine zote. Fomu imechapishwa kwa Kiingereza, mashahidi wako wanasema Kiswahili. Shahidi anakwambia "saa tisa na dakika arobaini", nawe ukiandika 9.40 umesema asubuhi. Daftari la hospitali litaonyesha alipokelewa jioni, na yeyote atakayelinganisha karatasi hizo mbili atauliza kijana alikaa wapi kwa muda wa saa sita huku anavuja damu. Andika 15:40, kwa mtindo wa saa 24, na chini yake saa aliyoanza kazi siku hiyo kwa mtindo uleule.

Halafu maelezo ya ajali. Sentensi ya msimamizi iondoe yote, na sikwambii hivyo kwa sababu ya lugha yake. "Kwa uzembe wake" ni hukumu, na fomu haikuomba hukumu. "Aliteleza" si kweli, kama nilivyokuelewa, na kwa mashine ya randa uwongo huo hauishi muda mrefu: afisa akifika atatazama mahali kifuniko kinapofungwa, atapapasa matundu ya skrubu, na matundu yaliyojaa vumbi la mbao lililoshindiliwa yatamwambia kwamba kifuniko hakijawekwa pale kwa muda mrefu kuliko asubuhi moja. Akikuta hivyo na fomu yako inasema aliteleza, kila nafasi nyingine uliyojaza kwa uaminifu itasomwa kwa jicho la pembeni. Kinachotakiwa ni mnyororo: alikuwa akifanya kazi gani, kwa mashine ipi, kwa njia gani, nini kilibadilika, sehemu gani ya mashine iligusa sehemu gani ya mwili, na nini kilifuata. Kwa mfano, ukiweka vipimo vyenu mahali pa hivi vya kwangu:

"Majeruhi alikuwa akipitisha kipande cha mbao chenye urefu wa sentimita 25 kwenye mashine ya kupigia randa, akikisukuma kwa mkono wa kulia bila kijiti cha kusukumia. Kifuniko cha visu hakikuwapo kwenye mashine wakati huo. Kipande kiliruka, na mkono ukagusa visu vilivyokuwa vikizunguka. Kidole cha shahada na cha kati cha mkono wa kulia vilikatika kwenye pingili ya pili. Mfanyakazi mwenzake alizima mashine. Majeruhi alifungwa kidonda na kufikishwa hospitalini saa 16:20."

Utaona sikusema nani alikitoa kifuniko. Kama yupo aliyemwona kijana akikitoa, liandike jina lake kwenye nafasi ya mashahidi, naye ataulizwa. Kama hakuna aliyeona na msimamizi anakisia tu, basi mnachokijua ni kwamba hakikuwapo, na hapo ndipo kalamu isimame. Utaona pia nimetaja mkono upi, vidole vipi na pingili ipi. "Aliumia mkono" inaweza kuwa mchubuko wa bega, na jedwali la WIBA la kupima ulemavu linatofautisha kidole na kidole, na sehemu ya kidole na kidole kizima. Ukishindwa kuona kwa sababu ya bandeji, muulize muuguzi, usikisie.

Imebaki ile nafasi ya mapato, ambayo ninyi wawili mmeikosea kwa njia mbili. Fomu inauliza mapato ya mwezi. Ukiandika 900 umemfanya kijana alipwe shilingi mia tisa kwa mwezi, na mwajiri akiandika 15,000 amepunguza kwa makusudi, jambo ambalo daftari lako la malipo ya Jumamosi litalifichua lenyewe. Mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki hufanya wastani wa siku 26 kwa mwezi, maana wiki 52 mara siku sita ni siku 312, na ukigawa kwa miezi 12 unapata 26. Siku 26 kwa shilingi 900 ni shilingi 23,400. Kama hakufanya kazi siku sita kila wiki, chukua jumla ya alicholipwa katika miezi hiyo minne, ugawe kwa nne, na uambatanishe nakala ya kurasa za daftari. Chakula au makazi ambayo mwajiri humpa mfanyakazi huingia kwenye mapato, na saa za ziada za kawaida pia. Saa za ziada za mara mojamoja haziingii, wala nauli au fedha za gharama maalumu. Kwa hiyo kama mnampa chakula cha mchana kila siku, thamani yake iandike kando ya mshahara, ionekane peke yake.

Nikuonyeshe kwa nini nafasi hiyo moja ina uzito. Fidia ya ulemavu wa kudumu chini ya WIBA hukokotolewa kwa mapato ya miezi 96, mara asilimia ya ulemavu aliyopimwa. Tuseme, kwa mfano tu, daktari aandike asilimia 15. Kwa mapato ya 23,400, miezi 96 ni shilingi 2,246,400, na asilimia 15 yake ni 336,960. Kwa 15,000 ingekuwa 216,000. Tofauti ni shilingi 120,960, imetolewa kwenye mkono wa kijana kwa mstari mmoja wa kalamu yako, na saini iliyo chini yake ni ya mwajiri. Mwambie hivyohivyo. Wenye bima mara nyingi huomba daftari la malipo kabla ya kulipa, na wakikuta limepishana na fomu, wa kwanza kuulizwa ni yeye.

Jumatatu basi, nenda na nakala za kutosha, angalau ya ofisi ya afisa, ya kwenu, ya daktari na ya majeruhi mwenyewe. Usiiache kwa mlinzi wala usiisukume chini ya mlango. Omba muhuri wa kupokelewa wenye tarehe juu ya nakala yenu, kwa sababu siku mtakapoulizwa kama mliripoti kwa wakati, muhuri huo ndio jibu, na barua pepe isiyo na majibu haitawasaidia sana. Siku hiyohiyo ingiza jeraha kwenye rejista kuu ya mahali pa kazi, ambayo sheria ya usalama inataka majeraha yote yaandikwe humo, kwa saa na maneno yaleyale ya fomu. Wengi hukosea hapa: fomu inajazwa na karani, rejista inajazwa na msimamizi wiki mbili baadaye kwa kumbukumbu, na yanazaliwa matoleo mawili ya ajali moja.

Kabla hujalala leo, mwombe mwenzako apige picha za mashine kutoka pande zote, pamoja na mahali pa kifuniko na kifuniko chenyewe kilipo, bila kukirudisha, na mashine ibaki imezimwa hadi afisa aseme neno. Kisha chukua kitambulisho cha kijana kwa jamaa aliye naye wodini, unakili namba, ukirudishe. Kama mwajiri atakataa kutia saini Jumatatu, nipigie kabla ya saa nne asubuhi. Nne ya kwetu, si ya fomu.